Uchambuzi wa kisa: simu za usiku zisizoonyesha nambari, na kosa la kuzizuia zote

Kisa hiki ni cha mfanyabiashara mmoja wa Mombasa. Jina lake, mtaa, kampuni za simu na tarehe vimeondolewa. Mambo mengine madogo ambayo hayagusi mafunzo ya kisa yamebadilishwa ili asitambulike. Hapa tutamwita Bi M.

Usuli

Bi M. anauza madera na vitenge katika duka dogo kisiwani. Nambari yake ya simu imechorwa juu ya mlango na kupigwa muhuri kwenye mifuko ya bidhaa, na ndiyo hiyo hiyo wateja wanayoitumia kumlipa. Kwa hiyo nambari hiyo wanayo watu asioweza kuwahesabu, na kuibadilisha ni sawa na kufunga duka kwa miezi kadhaa. Simu yake ni ya Android, yenye laini mbili, na inatumia programu ya kupigia ya Google, ile ambayo siku hizi huja ndani ya simu nyingi zinazouzwa madukani Mombasa.

Ana dada yake anayefanya kazi za nyumbani Falme za Kiarabu. Huko simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa, kwa hiyo dada hununua kadi za kupigia nje kwa bei nafuu na kupiga simu ya kawaida baada ya Alasiri anapopata nafasi. Simu hizo huingia kwa Bi M. bila nambari. Alishazizoea, na hakuwahi kujiuliza kwa nini ziko hivyo. Jambo hili dogo ndilo lililokuja kuvuruga kila kitu baadaye.

Yaliyotokea

Simu za vitisho zilianza usiku, kati ya saa tatu na saa tano. Za kwanza zilikuwa kimya: mtu anapumua, kisha anakata. Baadaye sauti ya mwanamume ikaanza kutukana na kutaja duka, na mara moja ikamwambia anajua anafunga saa ngapi. Skrini iliandika `Private number`. Baadhi ya siku zilikuja tatu au nne mfululizo.

Jambo la kwanza alilofanya ni lile ambalo karibu kila mtu hulifanya, yaani kutafuta njia ya kuifichua nambari. Alipakua programu maarufu ya kutambua wapigaji, ikamwonyesha maneno yale yale, `Private number`. Akaambiwa na jirani abonyeze `*69`, simu ikakataa. Akapata programu nyingine iliyojigamba kwamba inafichua nambari zote. Hiyo iliomba ruhusa ya kusoma meseji zake kabla ya kufanya lolote. Mpwa wake alimwahi akaifuta, na alifanya vyema, maana meseji za mfanyabiashara wa Kenya ndizo zenye taarifa zote za pesa na nambari za siri za kuthibitishia akaunti.

Hatua ya pili ilikuwa kuzuia. Mpwa alifungua programu ya simu, akabonyeza nukta tatu, akaingia `Settings`, kisha `Blocked numbers`, akawasha swichi iliyoandikwa `Unknown`. Usiku ule kukawa kimya, na usiku uliofuata pia. Familia ikadhani mambo yamekwisha.

Siku ya tano jirani alikuja dukani na simu yake mkononi. Dada wa Dubai alikuwa amempigia yeye akilia, akiuliza kama Bi M. yu hai. Alikuwa amempigia kila siku, na kila mara simu ikikatika kabla haijaita. Ndani ya siku hizo pesa za dawa za mama yao zilikuwa zimetumwa kwa mtu mwingine, kwa sababu dada hakuweza kuuliza zipelekwe wapi.

Kwa nini swichi moja iliwakata wote wawili

Simu yoyote inapopigwa, mtambo wa kampuni ya mpigaji hutuma mbele nambari yake pamoja na alama ndogo inayosema kama nambari hiyo inaruhusiwa kuonyeshwa. Mtu akiomba afichwe, nambari haifutwi. Inasafiri kama kawaida hadi kwenye mtambo wa mwisho, ule wa kampuni ya mpokeaji. Hapo ndipo inapozuiliwa, na simu ya mkononi hupelekewa tu habari kwamba kuna mtu anapiga, na kwamba mwenyewe ameomba afichwe. Kwa hiyo kampuni inaijua nambari, simu yako haiijui. Programu yoyote iliyo ndani ya simu inafanya kazi kwa kilichofika kwenye simu. Hakuna kilichofika, na hakuna cha kulinganisha na orodha yake ya majina. Ndiyo sababu programu ya kutambua wapigaji ilishindwa, na itashindwa kila mara, hata ukiilipia. Ile `*69` nayo ni huduma ya simu za Amerika Kaskazini, na haina kazi kwenye mitandao ya huku.

Simu za dada zilikuwa na hali nyingine kabisa. Yeye hakuomba kufichwa. Kadi ya bei nafuu hupitisha simu kwa wasafirishaji kadhaa kabla haijafika Kenya, na mmoja wao akishindwa kupitisha nambari, au akiamua kutoipitisha, mtambo wa mwisho haupokei nambari yoyote. Simu ya mkononi huarifiwa kwamba nambari haipatikani, na skrini huandika `Unknown`. Simu kutoka ofisi zenye mtambo wake wa ndani huweza kuingia hivyo pia, pale fundi aliyeufunga hakuweka nambari ya kutokea. Kuna aina ya tatu ambayo haikumgusa Bi M. lakini wengi wenye ndugu Arabuni wanaijua: simu ya ng'ambo inayoingia na nambari ya Kenya usiyoijua, kwa sababu imepenyezwa kupitia kisanduku cha laini za humu nchini kukwepa ada. Ukiipigia nambari hiyo, humpati ndugu yako.

Sasa, swichi ya `Unknown` katika programu ile haitofautishi. Maelezo yake ni kwamba inazuia wapigaji wasiotambulika, na kwa programu hiyo wote wawili, aliyejificha na aliyepotezewa nambari njiani, wako kapu moja. Zipo simu ambazo menyu yake hutenganisha `Private` na `Unknown` kwa swichi mbili. Simu ya Bi M. haikuwa mojawapo. Kwenye iPhone hatari ni kubwa zaidi: chaguo la kunyamazisha wapigaji wasiojulikana hunyamazisha nambari ambayo hujaihifadhi wala kuipigia karibuni, hata iliyo wazi kabisa, na kwa mwenye duka hao ndio wateja wapya. Kabambe nyingi, yaani simu ndogo za vitufe, hazina njia hata moja, kwa sababu orodha yao ya kuzuia inataka nambari iandikwe.

Uamuzi ulivyobadilika

Kabla ya kuamua tena, mpwa alifanya jaribio ambalo lingestahili kuwa la kwanza. Kwa simu yake mwenyewe alipiga nambari ya shangazi yake akitanguliza msimbo wa kujificha kwa simu moja:

```
#31#07XXXXXXXX
```

Simu ya Bi M. ikaandika `Private number`. Kisha wakamwomba dada apige kwa kadi yake, ikaandika `Unknown`. Ndani ya dakika kumi walijua kwamba neno la kwanza ni la mtu aliyekusudia kujificha, na la pili ni la njia mbovu. Wakarudi kwenye orodha ya simu zilizopita na kuona kwamba simu zote za usiku zilikuwa za neno la kwanza, bila hata moja ya neno la pili.

Jaribio hili halilipishwi zaidi ya simu ya kawaida, na simu isipopokelewa halilipishwi kitu. Ikiwa laini ya mjaribuji haijaruhusiwa na kampuni yake kujificha, simu itaingia na nambari wazi au itakataliwa, na hapo itabidi utafute laini nyingine. Angalizo: `#31#` ikifuatwa na nambari huficha simu hiyo moja tu. Mtu anayetaka kujificha daima huweka kwenye mipangilio ya simu yake, na hali ya laini hukaguliwa kwa `*#31#`. Mpwa alikagua laini ya shangazi vilevile, ili wateja wasije wakampokea yeye kama mtu wa kujificha.

Waliamua mambo matatu. Kwanza, swichi ya kuzuia ilizimwa. Badala yake waliweka `Do Not Disturb` iwake yenyewe kuanzia 20:45 hadi 5:30, simu za watu waliohifadhiwa tu zikiruhusiwa kuita, na wakaizima `Repeat callers`, ambayo humpitisha mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15. Mpigaji aliyejificha hana nambari ya kuhifadhiwa, kwa hiyo hawezi kuita usiku. Lakini tofauti na kuzuiwa, simu yake inabaki kwenye orodha kama simu iliyokosa kupokelewa, na hilo lilikuwa muhimu kwa jambo la tatu.

Pili, dada aliambiwa asitumie kadi ile kwa mambo ya haraka. Akitaka kupatikana upesi, atume meseji kwanza kwa laini yake ya huko, ambayo huingia na nambari wazi, au atumie programu ya simu iliyoruhusiwa huko. Kwa mazungumzo marefu ya Alasiri kadi iliendelea, maana bei ni bei.

Tatu, wakaanza daftari. Hili lilionekana kama kazi ya bure, na Bi M. alinung'unika, lakini ndilo lililomaliza kesi.

Daftari na kituo cha polisi

Kurasa za mwanzo ziliandikwa vibaya. Bi M. aliandika "saa tatu na robo", "saa nne kasoro", kama tunavyosema. Rekodi za kampuni ziko katika saa 24, na "saa tatu na robo" bila neno usiku inaweza kusomwa 9:15 asubuhi au 21:15. Mpwa akamwomba anakili kama ilivyo kwenye skrini: tarehe, 21:14, sekunde ngapi, laini ya kwanza au ya pili, neno lililoandikwa, na kwa maneno machache kilichosemwa. Pia akapiga picha za skrini kila asubuhi. Sababu ni kwamba simu nyingi za Android huhifadhi simu 500 hivi za mwisho na kufuta za zamani, na kwa mwenye duka anayepokea simu arobaini kwa siku hizo hazifiki wiki mbili.

Kwenye duka la kampuni ya simu alipokelewa vizuri na kukataliwa vizuri. Mhudumu alimweleza kwamba nambari inaonekana kwenye mifumo yao, ila hawezi kumpa. Huo si ukaidi. Mpigaji naye ni mteja mwenye haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kampuni ikigawa nambari kwa kila anayelalamika, mume mkorofi atakuwa wa kwanza kupanga foleni kutafuta mke aliyemkimbia. Njia iliyopo ni polisi kupeleka ombi mahakamani chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, na mahakama kuiamuru kampuni itoe rekodi.

Alikwenda kituoni, akaandikisha, akapewa nambari ya OB. Afisa aliyepokea daftari aliuliza swali moja zuri.

"Mama, usiku huo huo anaokupigia, hakuna nambari wazi iliyokupigia karibu na hizo saa?"

Walikaa wakapitia picha za skrini. Usiku mmoja, 21:48, palikuwa na simu iliyokosa kupokelewa kutoka nambari wazi isiyohifadhiwa. Saa 21:50 ikafuata ya `Private number`. Bi M. alikuwa ameipita ile ya kwanza akidhani ni mteja. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mpigaji alikuwa akitumia msimbo wa kila simu, na usiku ule alisahau kuuweka, akakata alipogundua. Afisa akamwambia aitafute nambari ile kwenye meseji za malipo. Ilikuwemo. Miezi kadhaa nyuma ilikuwa imemlipa malipo ya awali ya madera, salio likabaki kuwa ugomvi.

Matokeo

Mwenye nambari aliitwa kituoni. Alikana mara ya kwanza, akakubali alipoonyeshwa mpangilio wa saa. Pande mbili zilikubaliana kuhusu deni, na mpigaji akaandika maelezo na kuonywa. Simu za usiku zilikoma wiki hiyo hiyo. Ombi la mahakama halikuhitajika, na Bi M. alichagua kutoendelea na mashtaka.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Daftari lilifaa, ila si kwa sababu ambayo familia ilitarajia. Walidhani watapeleka orodha na kampuni itajibu kwa nambari. Kazi yake halisi ilikuwa kuonyesha kosa la mpigaji. Kujificha kunahusu simu ya sauti peke yake. Meseji huenda na nambari, malipo ya simu huenda na jina, simu ya WhatsApp kwa kawaida huonyesha nambari ya anayepiga. Anayekusumbua kwa kawaida ni mtu anayekufahamu, na mtu anayekufahamu ameshapita kwako wazi mahali fulani. Kutafuta hapo ni haraka kuliko kusubiri amri ya korti. Ikumbukwe hata hivyo kwamba simu moja wazi dakika mbili kabla ya iliyofichwa si ushahidi. Ni fununu, na kama mtu yule angeendelea kukana, afisa angelazimika kurudi kwenye njia ndefu. Hata hiyo njia ndefu huleta nambari na jina lililosajiliwa nayo, na laini nyingi zinatumiwa na mtu asiye aliyeisajili. Bi M. alifanya vyema kutoipigia nambari ile mwenyewe wala kuitangaza kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara, jambo ambalo shemeji yake alilipendekeza kwa bidii.

Kuzuia kulishindwa kwa namna mbili. Kulimkata dada, hilo limeelezwa. Lakini pia kulikatiza kumbukumbu: kwa siku tano simu za vitisho zilizokataliwa hazikuangaliwa na mtu wala kuandikwa, na pengo hilo kwenye daftari lilizua maswali kituoni. Kwa mtu asiye na ndugu ng'ambo, asiyetarajia simu ya hospitali au ofisi, na asiyekusudia kushtaki, swichi ile ingetosha kabisa na tungemshauri aiwashe leo. Ajue tu kwamba kizuizi kiko ndani ya simu yake. Akihamishia laini kwenye kabambe wikendi, simu zitaingia tena.

Lingine lililokosekana ni kuuliza kampuni kuhusu huduma za upande wa mtandao. Viwango vya simu vina huduma ya kuzikataa simu zilizofichwa kwenye mtambo wenyewe, ambapo mpigaji husikia tangazo kwamba aonyeshe nambari kwanza, na nyingine inayomwezesha mpokeaji kuwekea alama simu mbaya ili nambari yake ihifadhiwe kwa ajili ya uchunguzi. Kampuni ndiyo huamua kama itazitoa kwa laini za kawaida. Bi M. aliuliza "mnaweza kunipa nambari?", akajibiwa hapana, akaondoka. Swali la "mnaweza kuzikataa simu za aina hii kwenye laini yangu, bila kugusa zile zisizo na nambari kutoka nje?" halikuulizwa.

Nambari ya duka bado iko juu ya mlango. Kilichobadilika ni kwamba laini ya pili, isiyochorwa popote, sasa ndiyo waliyo nayo dada, mama na shule ya watoto, na `Do Not Disturb` bado huwaka saa 20:45.